Kutoka storibodi hadi animatiki yenye sauti: jinsi ya kupima mwendo wa muvi yako kabla hujaanza kuchora fremu hata moja

Nitatumia kazi moja tuliyofanya mimi na mwenzangu ili kila hatua uione kwenye kitu halisi. Ni katuni fupi ya ile hadithi ya sungura na kisima, wengi mnaijua, ukame umekuja, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba halafu usiku anakuja kuiba maji, mwisho kobe anapakwa ulimbo mgongoni analala kisimani kama jiwe na sungura anamkanyaga ananasa. Tulitaka iwe ya dakika moja na nusu. Storibodi ilikuwa na shoti 18, paneli 41, zote tumebandika ukutani na ukizipitia kwa macho hadithi inaeleweka vizuri kabisa, mtu akipita anacheka pale pa kucheka. Tukaweka kwenye taimulaini na sauti, ikatoka sekunde 131, na sehemu nzima ya katikati ilikuwa inalala.

Hapo ndo utaelewa animatiki, yaani paneli za storibodi zilizopangwa kwa muda pamoja na sauti, inafanya kazi gani. Ukutani msomaji ndo anaamua akae sekunde ngapi kwenye kila paneli, paneli ikiwa nzito anakaa, ikiwa nyepesi anaruka, kwa hiyo storibodi haiwezi kukuonyesha mwendo hata uichore vizuri vipi. Kwenye animatiki wewe ndo unamshikia muda, na kama umemshikia vibaya utamuona anageuza macho.

Sisi tulitumia Blender kwa sababu ni ya bure na picha zisizotembea hazichoshi laptopu hata ya zamani, ila mantiki ni ileile ukitumia Kdenlive, DaVinci Resolve au kitu kingine chochote chenye taimulaini.

Kwanza tengeneza paneli zenyewe

Kabla ya kompyuta pitia paneli zako moja moja ujiulize kama kuna paneli imebeba matendo mawili. Sisi tulikuwa na paneli moja ya sungura anakanyaga jiwe na papo hapo uso wake umeshtuka. Kwenye karatasi inaeleweka, ila kwenye muda ni uongo, maana mtu hukanyaga kwanza, halafu anahisi mguu hautoki, halafu ndo anashtuka, na kati ya hapo na hapo kuna muda ambao ndo utamu wenyewe wa hiyo sini. Tukaigawa ikawa paneli tatu. Michoro ya kuongeza hapa isikusumbue, mistari michache tu inatosha, mradi mkao wa mwili na upande anaoangalia vionekane.

Namba zipe kwa kumi kumi, 010, 020, 030, ili ukihitaji kuchomeka shoti mpya kati ya 070 na 080 uiite 075 na usilazimike kubadilisha majina ya faili zote. Paneli za ndani ya shoti moja zipe herufi, 120A, 120B, hivyo. Na hiyo namba iandike pia kwenye kona ya chini ya mchoro wenyewe, ndogo lakini isomeke, kwa sababu utakapokuwa unaonyesha watu na mtu akasema pale kati nimepotea, unataka uone namba kwenye skrini hapohapo uandike.

Kama umechora kwenye karatasi, piga picha kwa simu karibu na dirisha mchana, simu iwe sambamba na karatasi isipinde, kisha kata picha zote ziwe saizi moja, 1920 kwa 1080. Hili la saizi usilipuuze, paneli moja ikiwa imekatwa tofauti kidogo, ikibadilika kwenda nyingine mtazamaji ataona kama kamera imeruka, na wewe utaanza kutafuta tatizo la mwendo ambalo halipo.

Pima kwa mwili wako kabla ya kupima kwa kompyuta

Chukua simu, fungua saa ya kuhesabu sekunde, igiza kila shoti. Namaanisha simama uigize kweli. Sungura anakuja ananyata na kibuyu, anasimama, anasikiliza, anaangalia nyuma, anainama. Fanya mara tatu, andika sekunde za kila mara, chukua ya katikati. Mara ya kwanza huwa unaenda haraka kwa sababu unajua kinachofuata, mara ya tatu ndo unaanza kuwa mhusika.

Ukiwa unaigiza kumbuka kwamba hatua moja ya mtu anayetembea kawaida ni kama nusu sekunde, waanimeta wengi wanaanzia fremu 12 kwa hatua. Kwa hiyo kama kwenye shoti mhusika anavuka kwa hatua sita, hiyo ni sekunde tatu, na huwezi kuiwekea sekunde moja na nusu kwa sababu tu mchoro wako wa sungura upande wa kushoto na mchoro wa sungura upande wa kulia unasomeka haraka. Hili ndo kosa linalowaumiza watu wengi nyuma huko kwenye uzalishaji, animatiki inaonekana nzuri na ya haraka, halafu anayeanimeti anakuja kugundua mwendo aliopewa hauingii, na hapo tena muda wa shoti zote unaanza kubomoka.

Sisi jumla ya kuigiza ilitoka sekunde 92. Tukafurahi, tukaona tumepatia. Zile 131 zilikuja baada ya kuweka maneno.

Sauti ya muda

Sauti ya muda ni maneno, vishindo na labda muziki, vyote vya kushikia nafasi tu, utavitupa baadaye. Rekodi kwa simu, usinunue maikrofoni. Unachohitaji ni mahali pasipo na mwangwi, na pazuri kabisa nilipowahi kupata ni ndani ya gari lililozimwa vioo vimefungwa, au kabatini katikati ya nguo, au ukajifunika blanketi zito wewe na simu. Sebule yenye sakafu ya vigae ni mbaya, ule mwangwi unafanya kila mstari uonekane mrefu kuliko ulivyo kwa sababu neno halikatiki, linaning'inia.

Rekodi kila mstari peke yake, mara tatu, na acha ukimya wa sekunde moja hivi kabla na baada. Ukirekodi mazungumzo yote kwa mkupuo utafungwa na mapumziko uliyopumua wakati unasoma, na mapumziko ndo kitu hasa unachotaka kukicheza baadaye. Halafu uigize, usisome. Sauti ya kusoma ina kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na animatiki yenye sauti ya kusoma itakuambia muvi yako imepoa wakati iliyopoa ni sauti. Mimi kobe nilimfanya mwenyewe, sungura tulimpa mtoto wa dada yangu wa miaka tisa, hajui kitu kuhusu uigizaji lakini alikuwa anaharakisha mwisho wa sentensi kama mtu mwenye haraka ya kuiba, na ile kasi yake tulikuja kuibakiza mpaka kwenye sauti za mwisho.

Ukirekodi kwa simu utapata faili za m4a, ukitumiwa kwa WhatsApp utapata aina nyingine tena, ni vizuri zote uzifanye wav za aina moja kabla ya kuingiza. Kwa ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha faili za sauti na video, ni mstari mmoja wa amri:

```
ffmpeg -i kobe_03.m4a -ar 48000 -ac 1 kobe_03.wav
```

Vishindo vitengeneze kwa mdomo na vyombo vya jikoni. Unahitaji vile tu vinavyobeba tukio, kwetu vilikuwa jembe linapiga ardhi, maji yanachotwa, na ulimbo. Huo wa ulimbo nilikoroga uji mzito wa unga wa muhogo, nikaubana kati ya viganja viwili nikaviachanisha taratibu sentimita chache kutoka kwenye simu, ukatoa ule mlio wa kuvutika halafu kukatika. Mlio una sekunde moja na robo. Ile sekunde moja na robo ndo iliyotuambia paneli ya mguu unaovutwa inatakiwa iwe ndefu kiasi gani, maana jicho linasubiri mpaka mlio uishe.

Muziki acha kabisa kwenye toleo la kwanza. Muziki unaburuta picha, hata sini iliyokufa ukiiwekea ngoma inaonekana inatembea, na wewe hutajua. Weka maneno na vishindo, tazama, rekebisha, halafu ndo muziki uje mwishoni kupima tu kama kuna nafasi yake. Na ukitumia wimbo wa mtu kama wa kushikia nafasi, animatiki hiyo ibaki ndani kwenu, usiipandishe popote mtandaoni, na usiusikilize wiki nzima mpaka ukashindwa kukubali mwingine.

Kupanga kwenye taimulaini

Fungua Blender, nenda `File > New > Video Editing`. Kitu cha kwanza kabla hujaingiza chochote ni idadi ya fremu kwa sekunde, iko kwenye Output Properties, inakuja ikiwa 24. Sisi tulichagua 25 kwa sababu ndo kipimo cha televisheni za huku kwetu, ukilenga matamasha ya filamu 24 ni sawa tu. Muhimu uamue sasa hivi na usibadilishe tena, maana picha zinapimwa kwa fremu ila sauti inaenda kwa sekunde. Ukianza na 24 ukaja kubadili kuwa 25, dakika moja ya picha inakuwa sekunde 57.6 na sauti inabaki dakika yake, yaani mwisho wa dakika mdomo na neno vimeachana zaidi ya sekunde mbili.

Kwenye menyu ya Playback hakikisha umechagua `Sync to Audio`. Bila hiyo kompyuta ikichoka picha zinachelewa, unajikuta unapunguza fremu za paneli ambayo haina kosa lolote.

Sasa mpangilio: anza na sauti. Weka mistari ya maneno kwenye taimulaini kwa kufuatana, acha nafasi unazohisi, sikiliza ukiwa umefumba macho kama unasikiliza mchezo wa redio. Hapa tayari utasikia mambo. Sisi tulisikia hotuba ya simba. Kwenye skripti simba alikuwa anaanza "Ndugu zangu wanyama, kama mnavyoona wenyewe jua limekausha mito yote na hatuna budi kushirikiana", akaendelea hivyo, na kwenye karatasi ni mistari minne tu, haitishi. Ikarekodiwa kwa sauti nzito ya simba anayejiheshimu ikatoka sekunde 19. Wakati tunaigiza kwa saa tuliipita kimyakimya tukaipa sekunde 5. Kosa hilo utalikuta kwenye karibu kila muvi ambayo muda wake ulikadiriwa bila kusema maneno kwa sauti, na kama skripti ilitafsiriwa kutoka Kiingereza ni mbaya zaidi, Kiswahili kinataka silabi zake zote zitamkwe.

Tukaikata simba akabaki na "Kila mtu achimbe. Asiyechimba hanywi." Sekunde 4. Na kusema kweli ndo mstari watu wanaoukumbuka.

Baada ya sauti ndo unaingiza picha, `Add > Image/Sequence`. Angalia hapa, ukichagua picha nyingi kwa mkupuo Blender inazifanya kipande kimoja chenye fremu moja kwa kila picha, ukibonyeza cheza paneli zote zinapita chini ya sekunde mbili. Usishtuke, chagua hicho kipande nenda menyu ya Strip utafute `Separate Images`, kwenye Length andika 50, utapata kila paneli peke yake ikiwa na fremu 50, yaani sekunde mbili. Hapo una kitu cha kuanzia, sasa uvute na kukata ukingo wa kila paneli ulingane na sauti iliyo chini yake. Ukifupisha kikabaki kinafasi kisicho na sauti chini yake, weka ile alama ya kuchezea kwenye hicho kinafasi ubonyeze Backspace, vilivyo mbele vitasogea, ila ukumbuke na sauti zinasogea pia, kwa hiyo angalia kama ulitaka hivyo.

Shoti ya 120 kwa karibu

Hii ndo shoti ya mtego, na ndo nataka tukae nayo. Toleo la kwanza paneli zote sita zilikuwa na fremu 50, jumla 300, sekunde 12. Ilikuwa inachosha, na cha ajabu ilikuwa inachosha na wakati huohuo mshtuko haupatikani. Mwenzangu akasema tuifupishe yote kwa robo. Tukafupisha, ikawa fupi na bado imepoa, kwa sababu kasi moja ni kasi moja hata ukiibana, mtazamaji anakuwa ameshazoea ule mdundo wa kubadilika picha na hakuna kinachomgonga.

Tukarudi tukaiweka hivi, namba za kulia ni fremu:

```
120A  kisima usiku, kimya           75
120B  sungura anakuja na kibuyu     45
120C  mguu unakanyaga "jiwe"        12
120D  mguu unavutwa, mlio wa ulimbo 35
120E  uso wa sungura, kimya         50
120F  jiwe linafungua macho         20
```

Jumla 237, kama sekunde 9 na nusu. Tazama kilichotokea, 120A imeongezeka kutoka 50 kuwa 75, yaani tumeingiza utulivu mrefu kuliko mwanzo, sauti ya chura wa mbali na ya maji tu, na shoti nzima imekuwa fupi. Ule utulivu unamfanya mtazamaji aegemee mbele. Halafu 120C ni fremu 12 tu, chini ya nusu sekunde, inapita kabla hajajiandaa. Halafu 120D inafuata urefu wa ule mlio wa uji wa muhogo niliowaambia, fremu 31 na kitu, tukaongeza chache ili jicho lipumue. 120E tuliiacha sekunde mbili nzima bila sauti yoyote, sungura anaelewa kidogo kidogo, na hii tuliogopa sana kuiacha, tulipoijaribu na watu ndo pale walipoanza kucheka, wakati hakuna kinachotokea. 120F ni fupi, wamecheka tayari, tunaondoka.

Hapa kuna vipimo vichache ninavyoanzia mimi, uvichukulie kama pa kuanzia tu. Mahali papya panapoonyeshwa kwa mbali panataka sekunde mbili mpaka tatu, jicho lina kazi ya kutafuta nani yuko wapi. Uso peke yake unasomeka kwa fremu 15 hivi kama sura iko wazi. Maandishi kwenye skrini yaache muda wa kuyasoma kwa sauti mara mbili. Na mstari wa maneno usiukate pale pale neno linapoishia, acha fremu 6 hadi 8, tena mara nyingi ni vizuri picha ibadilike kwenda kwa anayesikiliza kabla msemaji hajamaliza, maneno yanatiririka juu ya uso wa mwenzake, na utaona mazungumzo yanaacha kuwa ya zamu zamu kama watu wanaopokezana kijiti.

Kuhusu kusogeza kamera, kuvuta karibu na kuteleza pembeni, weka pale tu ambapo kwenye muvi yenyewe kamera itasogea kweli. Kuna watu kila paneli inavutwa polepole ili isionekane imesimama, matokeo yake kila kitu kinaonekana kina uhai na huwezi tena kutofautisha shoti iliyokufa na iliyo hai.

Kutoa faili na kuonyesha watu

Ukiwa unatoa faili chagua aina ya faili iwe Video, kontena MPEG-4, na ushuke chini mpaka Audio Codec, ukikuta imeandikwa `No Audio`, ibadilishe iwe AAC, la sivyo utasubiri irende halafu upate muvi bubu. Kwenye Metadata weka alama `Frame` na pia `Burn Into Image`, namba ya fremu itaonekana juu ya picha. Ipe jina lenye namba ya toleo, kisima_v01, v02, usiandike mwisho wala mwisho_kabisa.

Sasa kabla ya kuonyesha mtu, itazame mwenyewe mara moja kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha, mikono mbali na kibodi. Unapokuwa unahariri unaona vipande, hujawahi kuiona muvi. Andika baada ya kuisha, sio katikati. Mimi huwa nalala nayo usiku mmoja kwanza naitazama asubuhi.

Kisha tafuta watu watano hivi ambao hawajaona storibodi, mmoja mmoja, na usiwaeleze chochote zaidi ya kwamba picha ni za mistari na sauti ni za muda. Keti pembeni uangalie uso wa mtu, usiangalie skrini, unaijua tayari. Nilikuwa na karatasi naandika namba ya paneli kila mtu alipogeuza macho. Watatu kati ya watano waligeuka kwenye 070, wanyama wanachimba. Tulikuwa tumechora paneli saba za kuchimba kwa sababu tunazipenda, tembo na jembe, twiga na ndoo, na kila mnyama tumempa zamu yake. Mtazamaji alielewa kwamba wanachimba kwenye paneli ya pili. Zilibaki tatu, tembo, kobe anayechelewa, na maji yanatoka.

Ikiisha usiulize umeipenda. Sema "hebu nihadithie ulichokiona". Watu wawili walinihadithia vizuri tu mpaka mwisho, wakasema sungura alikanyaga jiwe lenye matope akakwama. Hawakujua ni ulimbo, hawakujua ni mtego. Wangeulizwa kama wameelewa wangejibu ndiyo, na kwa upande wao walikuwa wameelewa. Tukarudi tukakuta paneli ya 100 ambapo kobe anapakwa ulimbo ina fremu 20 tu, tena simba anaongea juu yake, macho ya watu yako kwa simba. Tukaipeleka fremu 55, tukamnyamazisha simba hapo, tukaweka mlio uleule wa ulimbo wa kuvutika ili mlio ukija kurudi kwenye 120 sikio liukumbuke. Watu waliofuata wote walisema ulimbo au gundi bila kuulizwa. Kwa hiyo kuna paneli ya kuongeza muda hata kama unapigana kupunguza, na huwezi kuijua kwa kukaa peke yako.

Kila toleo badilisha kitu kimoja au viwili, basi. Ukibadilisha kumi kwa pamoja na ikawa bora hujui kipi kimesaidia, na ikiwa mbaya hujui urudi wapi. Sisi tulifika v06.

Kufunga muda na kukabidhi

v06 ilikuwa sekunde 96. Tulitaka 90, zile sita tukaziacha, kila tulipojaribu kuzitoa tulikuwa tunaiba kutoka kwenye 120E. Sasa piga hesabu: sekunde 96 kwa fremu 25 ni fremu 2,400, na sisi tunachora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kwa hiyo michoro 1,200. Zile 131 za mwanzo zingekuwa michoro zaidi ya 1,630. Tofauti ni zaidi ya michoro mia nne, na wawili sisi tukijitahidi sana tunatoa michoro safi 20 kwa siku, kwa hiyo ni siku ishirini na kitu za kuchora wanyama wanaochimba ambazo baadaye tungezikata.

Kabla ya kufunga rudi kwenye shoti zote zenye mwendo wa mwili uzihesabu tena kwa saa, hatua ngapi, kuruka mara ngapi, kwa sababu katika kukatakata huenda umebana kitu ambacho mwili hauwezi. Tulikuta 050, sungura anaondoka kwa dharau hatua tano, imebaki fremu 40. Kwa nusu sekunde kwa hatua alihitaji kama 62. Tulikuwa na njia mbili, kumpa muda au kumtoa kwenye picha akiwa hatua ya tatu, tukachagua ya pili, anatoka nje ya fremu akiwa bado anatembea na sisi tunabaki na uso wa simba.

Anayeanimeti anapewa vitu vitatu, faili ya v06 yenye namba za fremu juu yake, orodha ya shoti na idadi ya fremu za kila moja, na zile wav za maneno zikiwa zimekatwa kwa kila shoti. Zikija sauti za waigizaji wenyewe, ziweke juu ya za muda kwenye taimulaini ileile na ulinganishe mstari kwa mstari kabla ya kuruhusu mtu achore mdomo. Mwigizaji wetu wa simba alisema "Asiyechimba hanywi" polepole kuliko mimi kwa fremu 14, tena ilikuwa nzuri zaidi. Tukamwachia fremu zake 14, tukazitoa kwenye paneli ya tembo.